Barua ya Mwenye Siko Seli kwa Kliniki ya Chuo Ughaibuni

Rasimu ya kwanza ya barua ya binti wa dada yangu ilimaliza ukurasa mzima kabla haijataja ugonjwa. Ilianza na salamu, ikaomba radhi kwa usumbufu, ikaeleza shule alizosoma na jinsi Mungu alivyomfikisha hapo alipo. Ndipo ikasema, kwa Kiingereza kizuri cha darasani, kwamba alizaliwa na ugonjwa wa damu, kwamba mwili humuuma hasa wakati wa baridi, kwamba damu humwishia mara kwa mara na kwamba anatumia dawa za damu. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza, safari ilikuwa Septemba, na kwa kuwa nimefanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya siko seli kwa miaka mingi, alinipa niipitie.

"Mama mdogo, wewe niangalizie Kiingereza tu," aliniambia.

Kiingereza hakikuwa na kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa kwamba daktari asiyemjua, akiishika barua ile saa nane za usiku, asingejua amfanyie nini. Barua ya namna hii haiandikwi ili watu waijue historia ya maisha yako. Inaandikwa kwa ajili ya siku ile ambayo wewe mwenyewe huwezi kuongea kwa maumivu, na mtu aliye mbele yako hajawahi kukuona. Tulikaa mezani na daftari lake la kliniki tukaiandika upya, na ninaeleza hapa tulichokifanya kwa sababu Septemba zinakuja kila mwaka na vijana wetu wenye siko seli sasa wanafika vyuo vikuu. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Zamani wengi wao hawakufikisha miaka mitano. Dawa na kliniki zimebadilisha hali hiyo, na matokeo yake mojawapo ni hawa wanaopanda ndege.

Siko seli, au selimundu, ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto hupokea nakala moja ya chembe ya urithi kwa baba na nyingine kwa mama, na zote mbili zikiwa na kasoro, hemoglobini yake, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, hugandamana inapopungukiwa na oksijeni. Chembe nyekundu ambayo ingekuwa laini na ya mviringo hujikunja ikawa ngumu na yenye umbo la mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mifupa, kifua na tumbo. Pia hufa mapema sana: badala ya kuishi siku zipatazo 120 huishi wiki mbili au tatu, kwa hiyo mwenye siko seli huishi siku zote akiwa na damu pungufu na mara nyingi macho yake yana umanjano. Bandama huharibika utotoni, na bila bandama vijidudu fulani vinaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache. Mambo hayo matatu, maumivu, upungufu wa damu na hatari ya maambukizi, ndiyo barua inapaswa kuyabeba.

Inafaa kujua kwamba mgonjwa wa kwanza wa siko seli kuelezwa katika majarida ya kitabibu ya nchi za Magharibi alikuwa mwanafunzi wa ughaibuni. Walter Clement Noel alitoka kisiwa cha Grenada kwenda Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Mwishoni mwa mwaka huo alilazwa akiwa na homa na kikohozi. Daktari kijana wa zamu, Ernest Irons, aliitazama damu yake kwa darubini akaona chembe zenye umbo la mundu, na mkubwa wake, James Herrick, akachapisha habari hiyo mwaka 1910. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao kufungua kliniki ya meno, na akafariki mwaka 1916 kwa nimonia akiwa na miaka 32. Waliomhudumia hawakuwa na jina la ugonjwa, hivyo kila alipolazwa walianza kutafuta upya. Leo jina lipo, lakini katika mji wa Ulaya wenye wagonjwa wachache wa siko seli, daktari wa zamu anaweza kuwa amelisoma kitabuni tu.

Tulianza kwa kufuta ukurasa wa kwanza wote. Sisi tumelelewa kwamba kuingia kwenye jambo bila salamu ni utovu wa adabu, na binti alisita sana. Lakini mpokezi wa kliniki ya chuo ana sekunde chache za kuamua barua iende kwa nani, na anachosoma ni mstari wa juu. Kwa hiyo mstari wa juu sasa una jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, na sentensi moja: nina ugonjwa wa siko seli aina ya SS, natumia haidroksiyurea, naomba kuandikishwa na kupewa rufaa ya kliniki ya magonjwa ya damu. Salamu ni neno moja, na shukrani zimekaa mwishoni.

Herufi hizo mbili, SS, zina uzito. Kuna wenye SC, na wenye S pamoja na thalasemia, na ukali wa ugonjwa hutofautiana. Wapo pia waliorithi nakala moja tu, ambao ni wabebaji na kwa kawaida hawaumwi. Mtu akiandika tu kwamba ana siko seli kwenye damu, daktari anaweza kumhesabu kuwa mbebaji na kumrudisha chumbani kwake. Binti alikuwa na majibu ya kipimo cha maabara kilichofanywa akiwa na miaka minne. Tulikipiga picha tukakiambatisha.

Baada ya hapo tukafika mahali palipotuchukua jioni nzima, yaani namba zake za siku za uzima. Kliniki zetu huandika kwenye daftari la mgonjwa, na daftari lake lilikuwa limechakaa kingo, lenye mihuri ya zambarau na mwandiko wa madaktari wanane au tisa. Tulipekua kurasa za miaka mitatu ya mwisho tukitafuta hemoglobini. Tulikuta 8.1, kisha 7.8, kisha 5.6, kisha 7.9, kisha 8.0. Tulirudi kwenye ile 5.6 tukasoma kilichoandikwa pembeni: Aprili, malaria, amelazwa, ameongezewa damu chupa moja. Hiyo si namba yake ya kawaida, ni namba ya ugonjwa. Ya kawaida ni kati ya 7.8 na 8.1.

Sasa fikiria barua haipo. Anafika hospitali Uingereza na maumivu ya mguu, wanampima, wanapata hemoglobini 76. Nasema 76 kwa sababu kule hupima kwa gramu katika lita, wakati sisi tunahesabu kwa gramu katika desilita, na 7.6 yetu ndiyo 76 yao. Mwanamke mzima asiye na ugonjwa huwa na kama 120 au zaidi. Daktari asiyejua anaweza kushtuka na kuagiza damu ambayo haihitajiki, na mwenye siko seli akiongezewa damu bila sababu damu yake inakuwa nzito na mishipa inaziba zaidi. Barua ikisema kawaida yangu ni 78 hadi 81, daktari anaona kwamba 76 si mbali na kawaida na anashughulikia maumivu. Akimkuta na 52 anajua kuna jambo kubwa na anaharakisha. Tuliandika vipimo kwa mtindo wa kwetu na wa kwao, ili mtu asipoteze muda kukokotoa.

Namba nyingine ni kiwango cha oksijeni kwenye kidole. Siku akiwa mzima yeye huwa na asilimia 97. Akipatikana na 92, pamoja na maumivu ya kifua au kikohozi, hiyo inaweza kuwa shida ya mapafu ya siko seli, ambayo ni miongoni mwa mambo yanayoua watu wazima wenye ugonjwa huu. Tukaongeza pia kwamba macho yake huwa na umanjano mwaka mzima, ili asihangaishwe kila mara na vipimo vya homa ya ini, na kwamba haidroksiyurea hufanya chembe nyekundu zionekane kubwa kuliko kawaida. Daktari asiyeambiwa hilo anaweza kudhani amekosa vitamini.

Lile neno lake kwamba damu humwishia tuliliondoa. Kwetu kila mtu anaelewa. Anayesoma kwa Kiingereza angetafuta mahali anapovuja damu. Badala yake tuliandika hemoglobini imewahi kushuka hadi ngapi, lini, kwa sababu gani, na aliongezewa chupa ngapi. Ameongezewa damu mara mbili maishani, na hilo ni la muhimu kuliko anavyodhani. Hapa kwetu kwa kawaida damu hulinganishwa kwa kundi kuu na kwa Rhesus chanya au hasi. Mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama nyingine ndogo za damu ya mchangiaji, na kingamwili hizo zikaja kuharibu damu itakayoongezwa baadaye. Uingereza wana utaratibu wa kulinganisha alama zaidi kwa wagonjwa wa siko seli, lakini lazima wajue mapema kwamba mtu aliwahi kuongezewa. Barua inaomba wachukue sampuli na kuihifadhi kwenye kumbukumbu akiwa bado mzima.

Dawa tuliziandika kwa jina la dawa yenyewe, si jina la boksi wala rangi ya kidonge. Haidroksiyurea, kapsuli mbili za miligramu 500 kila siku, uzito wake kilo 54, alianza akiwa na miaka kumi na tisa. Foliki asidi, miligramu 5 kwa siku. Penisilini ya vidonge, miligramu 250 asubuhi na jioni. Dawa ya kuzuia malaria, ambayo huitumia akiwa nyumbani na ataianza tena kila anaporudi likizo. Kisha tukaeleza haidroksiyurea inafuatiliwaje, kwa kuwa dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe zinazopigana na maradhi pamoja na chembe za kugandisha damu. Anapima damu kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kipimo cha mwisho kilikuwa Julai na majibu yake ni haya. Na kwa kuwa ni msichana, sentensi moja ilisema kwamba anajua dawa hii haitakiwi wakati wa ujauzito. Aliona aibu kuiandika. Nilimwambia daktari atamuuliza hata hivyo, basi heri aikute imeandikwa.

Wengi hukwama hapa. Daktari wa kawaida wa kliniki ya chuo mara nyingi haandiki haidroksiyurea yeye mwenyewe. Anayeiandika ni mtaalamu wa damu hospitalini, na kumfikia kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Mwanafunzi aliyebeba dawa za mwezi mmoja ataishiwa kabla hajaitwa. Tulishauriana na daktari wake akampa za miezi mitatu, zikiwa kwenye maboksi yake, zikiambatana na cheti chenye muhuri, na alizibeba kwenye begi la mkononi. Katika barua tuliandika tarehe ambayo dawa zitakwisha. Tarehe hiyo inamsaidia daktari kujua haraka ya rufaa kuliko maneno mengi ya kuomba.

Sehemu ya maumivu ndiyo niliyoipigania zaidi. Barua ya kwanza ilisema mwili humuuma. Ya pili inasema hivi: napata maumivu makali mara mbili au tatu kwa mwaka, mara nyingi mapajani na mgongoni, yakiletwa na baridi, kutokunywa maji au uchovu. Kwanza nakunywa maji mengi, najifunika vizuri na kumeza parasetamoli gramu 1, kisha dawa ya kutuliza maumivu aliyonipa daktari. Hayo yakishindwa ndani ya saa chache nakwenda hospitali, na mara ya mwisho kulazwa nilipewa mofini ya sindano, kiasi hiki, nikapata nafuu bila madhara. Mtindo huo una sababu. Mwafrika kijana anayefika mapokezi usiku akitaja dawa kali kwa jina anaweza kudhaniwa mraibu, na wagonjwa wa siko seli wa Uingereza wamelalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2019 kijana wa miaka 21 mwenye siko seli alifariki katika hospitali moja ya London, baada ya kufikia hatua ya kupiga simu ya dharura ya taifa kutoka kitandani mwake akiomba oksijeni. Kifo hicho kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta ripoti ya kundi la wabunge mwaka 2021 kuhusu jinsi wagonjwa hawa wasivyosikilizwa. Mgonjwa ambaye kumbukumbu zake zinasema alipewa nini, na nani, na kilimsaidia vipi, haonekani kama mtu aliyekuja kuomba sindano.

Tuliepuka kudai dawa fulani. Hapa kwetu wengine wamezoea pethidini, ilhali mwongozo wa Uingereza unasema isitumike kwa maumivu ya siko seli. Mwongozo huohuo, wa taasisi yao ya NICE, unataka mgonjwa wa siko seli mwenye maumivu ya ghafla apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike. Binti anaijua sentensi hiyo kwa moyo, na anaweza kuitaja kwa upole pale foleni inapokuwa ndefu.

Kuna jambo moja la malezi yetu ambalo lilibidi liandikwe wazi. Tumefundishwa kuvumilia. Nimewaona wagonjwa wodini, jasho linawatoka, ukiwauliza hali wanakujibu hawajambo kidogo. Kule wataulizwa maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, na msichana mwenye adabu zake atasema nne huku akiuma shuka. Barua inasema: huwa sipigi kelele wala silii ninapoumwa, nikinyamaza na kujikunja, maumivu yamevuka saba. Dada yangu alipoisikia sentensi hiyo alitikisa kichwa, akasema ni kweli kabisa.

Kuhusu homa tulikuwa wafupi. Kwetu mtu husema ana homa hata kama ni mafua au uchovu, kwa hiyo tuliandika kipimo: joto la nyuzi 38 au zaidi, hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri miadi, kwa sababu bandama yake haifanyi kazi. Na wapime malaria pia, maana ametoka Tanzania. Madaktari wa huko wasipokumbushwa wanaweza kuona ni mafua ya baridi. Dalili nyingine za kukimbia hospitali ni maumivu ya kifua na kushindwa kupumua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, na tumbo la juu kushoto kuvimba. Kadi yake ya chanjo, hasa za nimonia na uti wa mgongo, tuliiambatisha ili waone kipi kimepungua.

Mwisho wa barua una maombi manne tu: kuandikishwa, kupewa rufaa, kupimwa damu ndani ya mwezi wa kwanza, na maelezo haya kuingizwa kwenye kumbukumbu yake ya kompyuta kwa namna itakayoonekana hospitalini. Daktari wake wa nyumbani aliisoma, akarekebisha kipimo kimoja, akapiga muhuri. Barua ilikaa kurasa mbili. Nakala moja ilikwenda kliniki wiki ya kwanza ya masomo, nyingine inakaa kwenye pochi yake, na picha iko kwenye simu ya anayeishi naye chumba cha jirani.

Dada yangu alikuwa na hofu mbili ambazo wazazi wengi wanazo. Ya kwanza ni kwamba chuo kikijua kitamrudisha. Kliniki haipeleki habari za mgonjwa kitivoni bila ridhaa yake, na ugonjwa wa kudumu wa namna hii unaweza kuhesabiwa chini ya sheria ya usawa ya mwaka 2010, inayompa haki ya kuomba muda wa ziada au tarehe nyingine ya mtihani. Ya pili ni gharama. Mwanafunzi wa kigeni hulipia huduma ya afya ya taifa, NHS, wakati anapoomba viza; tangu Februari 2024 kiwango cha wanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Akishalipa hiyo, kulazwa hospitali hakuleti ankara. Dawa za dukani kwa cheti ndizo zina ada huko Uingereza yenyewe, na siko seli haimo kwenye orodha ya magonjwa yanayosamehewa, ila kuna kadi ya kulipia dawa zote za mwaka kwa pamoja. Uskoti hawatozi kabisa.

Mzazi au kijana unayejiandaa kwa safari kama hiyo, nenda kliniki mwezi wa sita au wa saba, siku ambayo mgonjwa ni mzima kabisa, umwombe daktari apime hemoglobini na oksijeni, aandike majibu na tarehe, apige muhuri. Namba za uzima haziwezi kupimwa tena mtu akishaanza kuumwa.